Mkulima akidai dawa ya mahindi ni feki, muuzaji amuulize nini?

Kila msimu wa kuhifadhi nafaka, maduka ya pembejeo ya Mugumu, Tarime mjini, Nyamongo na Sirari hupokea mteja wa aina moja. Huyu ni mkulima anayeingia akiwa amekasirika, anaomba dawa ya mahindi, na kabla hajajibiwa anaongeza: "Lakini si ile ya mwaka jana. Ile ilikuwa feki."

Wauzaji wengi hujibu kwa njia ya mkato. Wanashusha kutoka kwenye rafu pakiti ya kampuni nyingine, ambayo mara nyingi ni ya bei ya juu zaidi, na kumhakikishia mteja kuwa hii ndiyo orijino. Mkulima analipa na kuondoka. Miezi mitano baadaye unga unamwagika tena chini ya magunia, na safari hii duka lililouza nalo linaingia kwenye orodha ya maduka ya matapeli.

Tatizo la biashara hiyo ni kwamba muuzaji ameuza alichoombwa bila kujua mteja anaumwa nini. Katika taaluma ya mauzo ipo njia nyingine, ambayo muuzaji hukaa kama mshauri na kuanza kwa maswali. Kwa mkulima mwenye magunia 10 ya mahindi ndani, tofauti ya njia hizo mbili inaweza kuwa ni kula chakula chake mwenyewe hadi mavuno yajayo au kwenda kukinunua sokoni mwezi Machi.

Mfano ufuatao umetengenezwa kutokana na mambo ya kawaida katika ukanda huo, na unaonyesha maswali yanavyofanya kazi. Mteja ni mzee kutoka kijiji kinachopakana na hifadhi, upande wa magharibi wa Wilaya ya Serengeti. Muuzaji ni kijana mwenye duka dogo Mugumu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipe dawa ya mahindi, ila si ile ya mwaka jana."

"Pole sana mzee. Mwaka jana mlitumia pakiti ngapi?"

"Kumi."

Swali hilo la kwanza linaonekana dogo, lakini limechaguliwa. Kwa wazee wengi wa Mara si adabu kijana kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi au amevuna magunia mangapi, na akiulizwa hivyo ama hukwepa au hutaja namba ya uongo. Pakiti za dawa hazina siri. Kwa kuwa pakiti ya gramu 100 ya dawa ya unga kama Actellic Super hutumika kwa gunia la kilo 100, muuzaji tayari amejua kwa makadirio ukubwa wa akiba ya mteja wake, na mzee hajaona kuwa amechunguzwa.

"Uharibifu wenyewe ulikuwaje mzee? Vitobo tu, au na unga?"

"Unga! Ukiinua gunia unga unamwagika kama umetoka mashineni."

"Na mihogo mikavu, nayo ilitobolewa?"

"Makopa yote. Hata fito za kihenge."

Hapo mdudu amejulikana bila kuonekana. Fukusi, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga, huacha tundu la duara kwenye punje na unga kidogo. Dumuzi huchimba mifereji, huacha unga mwingi, na halindi mipaka: anakula mahindi, makopa na hata miti ya ghala. Mwenye shaka amtazame kwa karibu. Dumuzi ana mwili mfano wa kipande cha bomba, kichwa kimeinamia chini hakionekani ukimtazama kwa juu, na sehemu ya nyuma kama imekatwa kwa kisu.

Mdudu huyu si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kati, na nchini alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wa huko walimwita Scania, kwa jina la malori, kutokana na namna alivyoingia kwa nguvu. Dawa za wakati huo zilimuua fukusi zikamwacha dumuzi, na katika baadhi ya ghala za Tabora mahindi yalipoteza karibu theluthi ya uzito wake ndani ya miezi michache. Ndipo ikaja dawa ya mchanganyiko yenye viambato viwili, kimoja kwa ajili ya fukusi na kingine, permethrini, kwa ajili ya dumuzi. Wakulima nao wakahimizwa kupukuchua kabla ya kuhifadhi, maana unga wa dawa ukinyunyizwa juu ya mahindi ambayo hayajapukuchuliwa haumfikii mdudu aliyejificha katikati ya punje na gunzi.

Kwa hiyo muuzaji anayepokea malalamiko ya dawa feki bila kuuliza ni mdudu gani hajui hata kama mteja aliuziwa dawa inayomhusu mdudu wake. Lakini mzee wetu alinunua dawa sahihi, na mahindi yalipukuchuliwa. Muuzaji anaendelea.

"Nani alichanganya dawa?"

"Mama watoto."

"Gunia lenu mnalijaza debe ngapi?"

"Saba. Tunashindilia, wanunuzi wanataka lumbesa."

Gunia la debe sita lina takriban kilo 100. La debe saba linakaribia kilo 117. Pakiti iliyopimwa kwa kilo 100 imetandazwa kwenye mzigo mkubwa zaidi, na kila punje imepata pungufu. Hilo ni kosa, lakini peke yake halitoshi kueleza ghala zima kugeuka unga. Muuzaji mwenye haraka angesimama hapo, angemwambia mzee aongeze dawa, na angeuza pakiti 12 badala ya 10. Swali lililofuata ndilo lililobadili mazungumzo.

"Mlivuna lini mzee?"

"Mapema. Tembo walikuwa wameingia kwa jirani usiku, wakamaliza ekari nzima. Tukaona bora tuvune hivyo hivyo kabla hawajafika kwetu."

"Yakakaa juani siku ngapi?"

"Siku mbili, hapo uani. Halafu mvua ikatishia, tukayaingiza ndani."

Mdudu alimaliza kazi tu. Kilichoanza ni tembo. Kwa kumhofia tembo, familia ilivuna mahindi yakiwa na maji mengi, ikayakausha siku mbili kwenye udongo, ikayapukuchua na kuyachanganya na dawa yakiwa mabichi. Dawa ya unga kwenye punje yenye unyevu hupoteza nguvu haraka kuliko kwenye punje kavu. Ilifanya kazi wiki za mwanzo, kisha ikaisha, na dumuzi waliokuwa kwenye makopa na fito wakahamia kwenye magunia. Hakuna dawa ya duka lolote ambayo ingeyaokoa mahindi hayo kwa namna yalivyohifadhiwa.

Haya yote mzee alikuwa nayo kichwani tangu alipoingia dukani. Hakuyasema kwa sababu hakuulizwa, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuona uhusiano kati ya tembo wa Julai na unga wa Desemba. Wengi hawauoni.

Lakini hata hapo muuzaji hajafika chini kabisa. Anauliza swali moja zaidi, la athari: "Yalipoanza kuharibika mlifanyaje?" Mzee anaeleza kwamba waliyauza mengi kabla ya Krismasi kwa bei waliyopangiwa na mnunuzi aliyeuona unga kwenye gunia. Januari fedha ziliishia kwenye sare na madaftari ya watoto. Machi wakaanza kununua mahindi ya kula kwa debe, wakati bei iko juu. Hapo ndipo linapoonekana tatizo ambalo mteja analipia kila mwaka: kulazimika kuuza mahindi yakiwa rahisi na kuyanunua tena yakiwa ghali. Muuzaji akishajua hivyo, swali la kupanga mauzo linakuja lenyewe: ni mahindi yapi ya kuuza sasa, yapi yangoje Januari, na yapi ni ya kula?

Maswali ya namna hii yamefanyiwa utafiti. Mwingereza Neil Rackham na wenzake wa kampuni ya Huthwaite walifuatilia mazungumzo ya mauzo zaidi ya 35,000 kwa takriban miaka 12, na matokeo yakatoka katika kitabu alichokitoa mwaka 1988. Aliyagawa maswali katika makundi manne: ya hali ilivyo, ya tatizo, ya athari za tatizo, na yale yanayomfanya mnunuzi mwenyewe ataje faida ya kulitatua. Wauzaji wa kawaida waliishia kwenye makundi mawili ya mwanzo. Waliofanikiwa walitumia muda mwingi zaidi kwenye athari.

Ni vyema kusema kwamba Rackham alichunguza mauzo makubwa ya makampuni, si pakiti ya gramu 100 juu ya kaunta ya Mugumu. Yeye mwenyewe alionyesha kuwa kwenye mauzo madogo mbinu za zamani za kumharakisha mteja zinaweza kufanya kazi. Mwenye duka anayeuza kiberiti hana haja ya maswali manne. Ila pakiti ya dawa ni ndogo kwa bei tu, maana nyuma yake kuna chakula cha nyumba nzima cha mwaka, na kwa mkulima huo ni uamuzi mkubwa.

Sasa muuzaji anaweza kuuza. Mahindi ya mzee ni lumbesa 10 za debe saba, yaani debe 70, sawa na karibu magunia 12 ya debe sita. Yakikaushwa inavyotakiwa yatapungua: gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likishuka hadi asilimia 13 hubaki na kilo 94 hivi, na kilichopotea ni maji matupu. Mzee ajiandae kuwa na magunia 11. Katika hayo, matatu yatauzwa mara yakikauka, kwa hiyo hayahitaji dawa wala mfuko maalumu. Matatu yanangoja Januari, na hayo yanahitaji pakiti tatu za dawa. Matano ya kula hadi mavuno yajayo yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kama ile inayojulikana kwa jina la PICS, ambayo ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba cha nje. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa na kufa bila dawa. Mfuko mmoja ni ghali kuliko pakiti ya dawa, lakini usipotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Juu ya yote hayo linakuja turubai, bidhaa ambayo mzee hakuiulizia kabisa na ambayo ndiyo muhimu kuliko zote. Kuvuna mapema kwa sababu ya tembo si kosa. Hindi likishakomaa, ukibandua punje unaona doa jeusi kwenye kitako chake, na kuanzia hapo punje haiongezeki tena. Kilichobaki ni kukauka, na kunaweza kufanyika nyumbani badala ya shambani. Yamenywe maganda, yatandazwe juu ya turubai au kichanja, yaingizwe ndani jioni au mvua inapotishia, na yapukuchuliwe baada ya kukauka, kwa sababu punje mbichi huvunjika. Siku mbili hazitoshi. Kwa mahindi yaliyovunwa mabichi, wiki nzima ya jua au zaidi ni jambo la kawaida.

Kipimo cha kukauka hakihitaji mashine. Chukua chumvi kavu iliyoanikwa juani, weka kiasi kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, mimina mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa, kisha acha dakika kama 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo, lakini chini ya 15 bado si 13, kwa hiyo siku moja au mbili zaidi za jua zinafaa, hasa kwa mahindi yatakayofungiwa. Mahindi mabichi kwenye mfuko usiopitisha hewa huvunda na kutoa harufu kama ya pombe, na muuzaji aliyeuza mfuko bila kuuliza kuhusu kukausha atakuwa ameuza hasara kubwa kuliko ile ya dawa.

Kwa upande wa duka, hesabu ya siku hiyo si mbaya. Pakiti 10 zimekuwa tatu, lakini mifuko mitano na turubai vimeingia. Zipo siku ambapo majibu ya mteja yatamlazimu muuzaji asiuze chochote, mfano pale mkulima atakapouza mahindi yote ndani ya mwezi. Kuhusu tembo, duka halina cha kuuza kitakachomaliza tatizo, na afadhali muuzaji aseme hivyo na kumwelekeza mzee kwa bwana shamba na ofisi ya wanyamapori kuliko kumbambikia kitu.

Njia hii ina mitego yake. Wa kwanza ni siku ya mnada, watu wamejaa kaunta na kila mmoja ana haraka. Maswali 10 kwa mteja mmoja yanawafukuza wengine. Siku hiyo matatu yanatosha: uliona nini, kilianza lini, na kabla ya hapo mlifanyaje? Mengine yangoje siku tulivu, au simu. Wa pili ni swali linalobeba jibu ndani yake. "Ile dawa ilikuwa feki, siyo mzee?" litajibiwa ndiyo hata na mtu ambaye hakununua dawa. Mtego wa tatu ni kuuliza mtu asiyehusika. Mzee ndiye aliyetoa fedha, lakini aliyechanganya dawa ni mama, na ndiye anayejua kama alitumia pakiti nzima, au aliigawa ili ibaki ya maharage. Muuzaji makini humwomba mzee arudi naye au humpigia simu hapo hapo kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Halafu ipo siku ambayo dawa ni feki kweli, maana bidhaa bandia zipo sokoni, na maswali yasigeuke njia ya kumtupia mkulima lawama. Ikiwa mahindi yalikuwa makavu, yamepukuchuliwa, gunia lilikuwa la debe sita, kipimo kilifuatwa na dawa haijapitwa na muda, basi pakiti yenyewe ichunguzwe. Kipimo cha awali ni kuchukua konzi chache za mahindi yaliyochanganywa, kuyaweka kwenye chombo pamoja na wadudu hai 10 na kukifunika kwa kitambaa. Wakiwa bado wanatembea wote baada ya siku tatu, kuna sababu ya kutilia shaka. Hapo risiti na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti vinakuwa ushahidi wa kupeleka kwa bwana shamba au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Mkulima mwenyewe naye ni muuzaji, na maswali hayo hayo yanamhusu anapokutana na mnunuzi wa nafaka Sirari. Mnunuzi akisema "bei yako iko juu", wakulima wengi hushusha bei papo hapo. Lakini maneno hayo mara nyingi hufunika jambo jingine. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti, likiwamo la mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mfanyabiashara anayevusha mzigo huko anaogopa kurudishwa na lori zima, na hofu hiyo anaikata kutoka kwenye bei ya mkulima.

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka, na si suala la karatasi za mpakani tu: mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mkulima akiambiwa bei iko juu aulize: "Mzigo wako wa mwisho ulipata shida gani?" Jibu likiwa ni unyevu, ana la kuonyesha. Achukue chupa na chumvi, apime mbele ya mnunuzi kutoka gunia atakalochagua mnunuzi mwenyewe, ndipo waanze upya kuzungumza bei. Jibu likiwa ni uchafu, mawe au punje zilizovunjika, suala ni chekeche. Na jibu likiwa ni kwamba mnunuzi hana fedha taslimu na anataka kukopeshwa hadi auze ng'ambo, mkulima ajue kuwa bei haikuwa tatizo tangu mwanzo, na kwamba kushusha hata Sh1,000 kwa debe kusingemfanya mtu huyo alipe siku hiyo.